Afisa Ugavi anapotafuta namba yake kwenye orodha ya kazi ya Kanada

Swali ninaloulizwa sana na watu wa ugavi wenzangu walioko nyumbani ni hili, "kaka, Afisa Ugavi huko Kanada ni namba ngapi?" na kila mara nashindwa kulijibu kwa namba moja, sio kwamba nabania, ni kwamba cheo hicho hakina namba moja. Nimefanya ugavi kiwandani Dar kwa miaka, saivi nipo Alberta na bado ni mnunuzi, na kabla sijaja ilibidi niisome ile orodha yao mpaka niielewe, afu tangu hapo ndugu na wenzangu wa zamani wamekuwa wakinitumia mikataba yao tunaipitia pamoja kwenye simu. Sichaji mtu hela, na nisingeweza kuchaji maana Kanada anayelipwa kutoa ushauri wa uhamiaji lazima awe na leseni. Naandika nilichojifunza humo na nitabaki kwenye ugavi tu, ndo kazi ninayoijua kwa ndani.

Orodha yenyewe inaitwa NOC. Toleo linalotumika kwenye mambo ya uhamiaji ni la 2021, ambalo idara yao ya uhamiaji ilianza kulitumia tarehe 16 Novemba 2022. Kila kazi nchini kwao imewekwa kwenye kundi, makundi yapo 516, na kila kundi lina namba ya tarakimu tano. Ukikuta ukurasa au pdf inakwambia mnunuzi ni 1225 ujue hiyo ni ya zamani, toleo lililopita lilikuwa na tarakimu nne, na bado zinazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp.

Sasa zile tarakimu zina maana, sio namba za bahati nasibu. Ya kwanza inasema kazi ni ya upande gani, 1 ni biashara, fedha na utawala ambako ndiko sisi tulipo wengi, 3 ni afya, 7 ni mafundi na madereva, na kadhalika. Ya pili ndo inayoamua maisha ya watu, wanaiita TEER, inaanzia 0 mpaka 5 na inaeleza kazi hiyo kwa kawaida inadai mafunzo na majukumu ya kiasi gani. 0 ni mameneja, 1 kazi ambazo kawaida zinadai digrii, 2 ni diploma ya miaka miwili au zaidi au ufundi uliosomewa muda mrefu au kusimamia watu, 3 ni mafunzo mafupi kidogo ya hapo, 4 ni sekondari na 5 ni kazi unayoelekezwa siku chache unaanza. Mtu anayeomba kwa Express Entry, ule mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi, anatakiwa uzoefu wake uwe kwenye 0, 1, 2 au 3. Kwa hiyo namba ikiwa na 4 pale nafasi ya pili, miaka yako yote kumi kwenye kazi hiyo haihesabiki kwenye njia hiyo, hata kama umeifanya vizuri kuliko mtu yeyote.

Na hapa ndo tunapoumia watu wa ugavi kwasababu cheo chetu kinakaa juu ya huo mstari, mguu mmoja huku mguu mmoja kule. Mtu aliyeandikwa Afisa Ugavi kwenye mkataba wa Tanzania anaweza akawa 14401 ambaye ni mtunza stoo, anaweza akawa 14403 ambaye ni karani wa manunuzi na hesabu za stoku, anaweza akawa 12102 ambaye ni mnunuzi mwenyewe, anaweza akawa 12013 ambaye ni msimamizi wa watu wa stoo, na wachache wanaweza kuwa 10012, meneja wa manunuzi. Angalia tarakimu ya pili kwenye hizo tano utaona, mbili ni 4, mbili ni 2, moja ni 0. Cheo kimoja, mshahara pengine mmoja, bodi ile ile ya PSPTB iliyowasajili wote, lakini wawili kati yao mlango umefungwa.

Kitu cha kwanza ninachowaambia watu ni kwamba digrii yako haivuti namba. Nimekutana na wengi wanaosema "mimi nina digrii ya ununuzi na ugavi na nimesajiliwa na bodi, siwezi kuwa TEER 4". Unaweza. TEER ni ya kazi uliyofanya, sio ya cheti ulichonacho, cheti kinahesabiwa sehemu nyingine ya maombi kabisa. Mtu mwenye masters aliyeajiriwa kupokea mizigo na kutoa vipuri dirishani, kwa orodha hii ni mtunza stoo. Na kinyume chake pia ni kweli, mtu mwenye cheti tu ambaye bosi alimuamini akawa ndo anayetafuta wauzaji na kujadili bei miaka mitatu, kazi yake ni ya 12102.

Kwa hiyo usianze kwa kutafuta cheo. Najua kwenye ule ukurasa wao kuna sehemu ya kutafutia na ukiandika procurement officer inakuletea jibu fasta, na kila kundi lina orodha ya majina ya mfano ndefu tu, lakini yale majina ni kama vibao vya njiani, yanakufikisha mtaani ila hayakwambii nyumba. Fungua kundi lenyewe uanze na ile aya fupi ya juu kabisa, sentensi moja au mbili zinazosema watu wa kundi hili wanafanya nini. Idara yao ya uhamiaji inasema wazi kwamba lazima uwe umefanya kilichosemwa kwenye ile aya, na uwe umefanya sehemu kubwa ya majukumu yaliyoorodheshwa chini yake pale penye Main duties, pamoja na yale yote ambayo ni ya lazima. Ile sehemu nyingine ya masharti ya ajira, inayosema mtu huku anatakiwa awe na elimu gani au leseni gani, watu wanaisoma wanaogopa wanafunga ukurasa. Hiyo inaeleza waajiri wa Kanada kwa kawaida wanataka nini. Kwa kupima uzoefu wako wa nyumbani kinachoangaliwa ni kazi uliyofanya.

Soma aya ya 14401 utaona vitenzi vyake, kupanga, kutunza, kutoa vifaa kwa matumizi ya kampuni. Kwenye majukumu kuna kupokea mzigo, kuupanga stoo, kupokea rikwizisheni na kutoa, kuweka kumbukumbu za kilichopo na kilipo, kuandika ombi la kujazia kilichopungua. Huyo tunamjua wote, ndo mtu wa bin kadi, leja na GRN, ile hati ya kupokea mzigo. Halafu nenda 12102, aya yake inasema wananunua vifaa, malighafi na huduma kwa ajili ya matumizi ya taasisi yao. Majukumu yake ni kutathmini mahitaji na kutengeneza spesifikesheni, kuita zabuni na kupitia kotesheni, kuamua au kujadili masharti ya mkataba, kutoa mkataba au kupendekeza apewe nani, kupanga ratiba za kufikisha mzigo na kufuatilia mpaka ufike. Tofauti ya hao wawili mtu yeyote anaiona.

Kazi ngumu ni kumtenganisha 12102 na 14403, na nimeona watu wengi sana wanajiweka 12102 wakati kila karatasi waliyonayo inasema 14403. Huyu wa 14403 naye anashika kotesheni, naye anaandaa LPO yaani oda ya kununulia, naye anawapigia wasambazaji simu kuuliza mzigo uko wapi. Kwa nje ni yule yule. Ila ukisoma kwa makini yeye anashughulikia miamala, anahakiki rikwizisheni ziko sawa, anaangalia kama kitu hakipo stoo tayari, anapata bei kwenye katalogi au kwa wauzaji, anaandaa oda, anakokotoa gharama, anatunza mafaili. Hakuna mahali panaposema anaamua spesifikesheni, hakuna kujadili mkataba, hakuna kupendekeza nani apewe. Swali ninalowauliza watu ni hili, kotesheni tatu zikifika mezani, ni nani alikuwa anakaa nazo na kusema tumchukue huyu na sababu ni hii? Kama jibu ni "bosi alikuwa ananiambia nitengeneze LPO ya fulani", basi ndugu yangu wewe ulikuwa 14403 na hakuna namna nzuri ya kulisema hilo.

Watu wa serikalini wananirudisha hapo hapo kwa upande mwingine. Wanasema sisi hatutoi mkataba, anayeidhinisha ni bodi ya zabuni, sisi wa kitengo cha ununuzi tunaandaa tu, kwa hiyo mimi si mnunuzi. Hapana, soma tena, jukumu linasema kutoa mkataba au kupendekeza. Ukikaa kwenye kitengo ukaandaa nyaraka za zabuni, ukashiriki tathmini, ukaandika ripoti inayopelekwa kwenye bodi na mapendekezo ndani yake, hilo ndo jukumu lenyewe, sahihi ya mwisho kuwa ya mtu mwingine haikuondoi. Nafikiri watu wa serikalini ndo wenye ushahidi mzuri kuliko sisi wa viwandani, maana kila kitu kwao kina muhtasari wa kikao.

Kuna sehemu nyingine kwenye kila kundi inaitwa Exclusions, watu wanairuka kwasababu ipo chini kabisa, mimi naisoma mapema. Inakuorodheshea makundi yanayofanana na hilo ambayo sio hilo. Kwenye 12102 utakuta wanakuelekeza kwa meneja wa manunuzi, kwa yule karani wa 14403, na kwa 62101 ambao ni wanunuzi wa maduka na biashara za jumla. Huyo wa mwisho nilimpata kwa ajili ya dada mmoja aliyekuwa ananunulia supamaketi Nairobi, anachagua bidhaa gani ziingie shelfu, anajadiliana bei na wazalishaji. Kazi yake ni kununua kitu kiuzwe tena, sio kitumike ndani ya kampuni, na Kanada wameitenga kabisa, imeenda upande wa mauzo na huduma ndo maana inaanza na 6. Bahati nzuri tarakimu ya pili bado ni 2.

Na huyo dada ndo aliyenionyesha kikomo cha kutumia daraja la kimataifa. Lipo, linaitwa ISCO-08, la Shirika la Kazi Duniani, na orodha zetu zimejengwa juu yake, Tanzania ina TASCO ambayo imefuata ISCO, na wazungu wa Ulaya wana ESCO ambayo nayo imekaa juu ya ISCO-08. Kwa hiyo njia inayoonekana safi ni kuchukua kazi yako, kuitafutia namba ya ISCO, afu kuangalia jedwali la kulinganisha linakupeleka namba gani ya Kanada. Inasaidia, sibezi, mimi mwenyewe nilianzia huko. Lakini 3323 ya ISCO, wanunuzi, inawaweka pamoja anayenunua kwa matumizi na anayenunua kwa kuuza tena, Kanada imewagawa. Na 4321, makarani wa stoku, ukifika nayo Kanada inakuachia makundi matatu mbele yako, wapokeaji na wasafirishaji wa mizigo 14400, watunza stoo 14401 na wale wa 14403. Jedwali linakufikisha kwenye ujirani, kuchagua ndani ya ujirani huo lazima urudi kwenye aya na majukumu.

Sasa nielezee ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, maana kwake yeye yalikutana karibu yote. Amefanya kazi kiwanda cha vinywaji Mwanza tangu Machi 2017, mkataba wake kutoka siku ya kwanza mpaka leo umeandikwa Afisa Ugavi, haujabadilika. Alikuwa ameshaenda kwa mshauri mmoja mjini akamwambia aandike 10012 kwasababu "procurement ni management", akanipigia, "shem, huyu ananipa umeneja, niuchukue?"

Nikamwambia kwanza tuache namba, niambie siku yako ilikuwaje mwaka wa kwanza, sio ulikuwa unahusika na nini, nataka umeshika karatasi gani mkononi. Akacheka akasema GRN asubuhi mpaka jioni. Lori linakuja na malighafi, anahesabu, analinganisha na delivari noti, anaandika GRN, anapanga, anajaza bin kadi, mafundi wanakuja na rikwizisheni anawapa. Hiyo ikaenda mpaka mwanzoni mwa 2019. Huyo ni 14401, hakuna mjadala, na nikamwambia hivo hivo, akanyamaza kidogo.

Kuanzia Machi 2019 yule mkubwa wa stoo aliondoka wakamwachia yeye stoo. Hawakumpa barua ya cheo, walimuongezea posho tu. Chini yake walikuwa watunza stoo wanne kwa shifti, yeye anapanga zamu, anaidhinisha likizo zao kabla hazijaenda HR, anafundisha wapya, anaongoza stoku teki ya mwisho wa mwezi na kujibu kwa nini hesabu hazikutani, anajaza fomu za tathmini za mwaka za vijana wake. Hapo ndo nilimfungulia 12013, aya yake inasema wanasimamia na kuratibu kazi za watu wa makundi yafuatayo na inayataja, 14401 wakiwemo. Watu wa stoo wengi hawalijui kundi hili kabisa, wanaona stoo wanajihukumu TEER 4 wanaacha, wakati aliyekuwa anasimamia kweli yuko TEER 2. Ila nisisitize neno kweli, kuwa mkongwe stoo na vijana kukuita bosi sio kusimamia. Zamu ulipanga wewe? Likizo ilipita kwako? Kijana akiharibu, ni wewe uliyeandika ripoti? Shemeji alikuwa na nakala za rosta kwenye barua pepe na fomu za tathmini zenye sahihi yake, basi.

Julai 2021 wakamhamishia ofisi ya manunuzi, cheo kile kile. Hapa nilitaka kujua ni 12102 au 14403 kwa hiyo nikamwambia anitafutie manunuzi moja aliyoyafanya tangu mwanzo mpaka mwisho, yoyote. Akaleta ya bearingi za konveya ya mashine ya kujaza chupa. Zile za mwanzo zilikuwa zinakufa mapema, akakaa na fundi mkuu wakabadilisha spesifikesheni wakataka zenye sili nzuri zaidi kwasababu ya maji, akaomba kotesheni kwa wauzaji watatu, wa bei ya chini kabisa alikuwa anasema mzigo wiki sita, wa pili wiki mbili. Akaandika karatasi ya ulinganisho akapendekeza wa pili maana mashine ikisimama wiki nne hasara ni kubwa kuliko tofauti ya bei, akamshusha bei kidogo kwa kumuahidi oda ya mwaka mzima, meneja wa fedha akasaini. Afu yeye mwenyewe ndo akachapa LPO kwenye mfumo na kufuatilia mzigo.

Akawa na wasiwasi, "lakini shem LPO nachapa mimi, na anayesaini ni fedha". Nikamwambia kuchapa LPO hakukushushi, mnunuzi anaweza kufanya na ya karani ndani ya siku yake, linaloangaliwa ni kama yale ya juu yapo. Na yapo yote kwenye faili moja, spesifikesheni, kotesheni, majadiliano, mapendekezo yenye sababu, ufuatiliaji. Hiyo ni 12102. Umeneja je? Aya ya 10012 inazungumzia mtu anayepanga, kuongoza na kudhibiti shughuli za idara ya manunuzi, anayetengeneza sera za manunuzi na kusimamia bajeti yake. Shemeji hana bajeti, hana idara, anaripoti kwa mtu ambaye ndo huyo meneja. Kuandika 10012 kungekuwa uongo na Kanada ukikutwa umedanganya kwenye maombi unaweza kufungiwa miaka mitano. Yule mshauri hakumwambia hilo.

Kwa hiyo kwenye maombi mwajiri mmoja na cheo kimoja vikawa mistari mitatu, kila mmoja na tarehe zake na namba yake. Wa kwanza 14401, aliuweka kwasababu historia ya kazi lazima iwe kamili hata kama hauhesabiki. Wa pili 12013. Wa tatu 12102, na huo ndo akaufanya kazi yake kuu. Sharti la njia aliyotumia ni angalau mwaka mmoja mfululizo kwenye kazi kuu ndani ya miaka kumi iliyopita, masaa 1,560, yaani masaa 30 kwa wiki. Na masaa yanayozidi 30 hawayahesabu, kwa hiyo wiki yetu ya masaa 45 haikufupishii mwaka, kuna watu walikuwa wananiletea hesabu za miezi minane nikawarudisha.

Kazi iliyobaki ni barua ya mwajiri, na huko ndiko namba sahihi inapofia. Barua ya kwanza aliyopewa na HR ilikuwa ile ya kila siku, fulani ni mfanyakazi wetu tangu 2017 kama Afisa Ugavi, ni mwaminifu, anahusika na shughuli zote za ugavi na kazi nyingine atakazopangiwa. Afisa wa uhamiaji akishika barua hiyo hana cha kulinganisha na aya yoyote. Wanachotaka kiwe humo ni karatasi yenye kichwa cha kampuni na mawasiliano yake, jina na cheo na sahihi ya bosi au HR, kila nafasi uliyoshika na tarehe zake, majukumu ya kila nafasi, masaa kwa wiki, mshahara na marupurupu.

Kwenye majukumu usinakili ya kwenye ukurasa wao. Naelewa kishawishi chake, unaona yameandikwa vizuri unayabandika, lakini afisa anayasoma yale yale kila siku anayajua kwa moyo, na barua yenye sentensi zao neno kwa neno inamfanya ajiulize mwajiri aliandika kweli au aliletewa asaini. Sisi tuliandika ya kiwanda. Badala ya "huita zabuni na kupitia kotesheni" tukaandika kwamba huomba kotesheni zisizopungua tatu za vipuri vya mitambo ya kujaza na kufungasha, huandaa karatasi ya ulinganisho wa bei, ubora na muda wa kufikisha, na hupendekeza msambazaji kwa meneja wa fedha. Mtu akisoma anaona jukumu la 12102 limo bila kuambiwa, na anaona kiwanda pia. Stoku teki ambayo bado anashiriki mwisho wa mwezi tuliiweka mwisho kabisa kwasababu ndo ukweli wa uzito wake, siku moja au mbili kwa mwezi. Tulimpa HR rasimu kwa heshima tu, tukamwomba arekebishe chochote kisicho sahihi, na kuna sehemu aliirekebisha kweli, alitoa "kujadili mikataba" akaandika "kujadili bei na masharti ya oda" kwasababu mikataba mikubwa anajadili meneja. Tukaiacha hivo, ni sahihi zaidi na bado inatosha.

Wapo ambao HR anagoma kuandika majukumu, anasema sera ya kampuni ni barua fupi, au kampuni imekufa. Hapo usikate tamaa, chukua ile barua fupi, weka mkataba na salari slipu, tafuta bosi wako wa karibu wa wakati ule hata kama ameshahama aandike anachokijua na aweke mawasiliano yake, afu wewe mwenyewe andika maelezo kwa nini barua kamili haikupatikana na ambatanisha ushahidi kwamba uliiomba. Haina uhakika kama barua kamili, afisa ana haki ya kutoridhika, ila nimeona ikikubalika.

Mwenzangu mmoja anayeangalia Marekani aliniuliza kama haya yote ni ya Kanada tu. Namba ni zao ila mstari ni ule ule, orodha ya Marekani nayo inamtenga mnunuzi 13-1023 na karani wa manunuzi 43-3061, kwa hiyo swali la nani anakaa na kotesheni linakusubiri na huko. Na ukishafika ukaanza kutafuta kazi sahau namba, waajiri wa hapa wengi hawazijui, wanatangaza kwa majina yao wenyewe, buyer, purchasing coordinator, procurement specialist, na tena majina hayo hayafanani toka kampuni hadi kampuni. Mimi nilichofanya ni kusoma majukumu ya tangazo na kuyaweka pembeni ya yale ya 12102 na 14403, nikajua tangazo lipi ni la mnunuzi na lipi ni la karani lililopewa jina zuri, na mshahara ulioandikwa chini mara nyingi ulikuwa unakubaliana na mimi.